Ukuta unaotoka jasho usiku: namna ya kupima kiwango cha umande na kukausha chumba (kisa cha chumba kimoja Nkuhungu, Dodoma)

Ukinunua soda ya baridi Dar ukaiweka mezani, ukimaliza kupiga stori mbili tatu chini yake kuna dimbwi, na simu uliyoilaza karibu imeshalowa. Soda hiyohiyo uinunue hapa Dodoma mwezi wa kumi saa nane mchana, inapata ukungu kidogo kwa nje, halafu ukungu wenyewe unakauka kabla hujafika nusu ya chupa. Friji ni zilezile, soda ni ileile. Kilichobadilika ni hewa.

Na tuondoe kwanza hili la chupa "kuvuja jasho", maana ndilo linalowapoteza watu mpaka wanaita fundi wa kupaka rangi. Chupa haivuji. Fanta ni ya orenji lakini matone ya nje hayana rangi, lamba uone kama yana sukari. Yale maji yametoka kwenye hewa ya chumba. Hewa siku zote imebeba maji ambayo huyaoni, yaani mvuke, na hewa ya joto inaruhusu mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Ukiipoza hewa pole pole unafika mahali mvuke uliomo ndiyo mwisho wa inachoweza kubeba, ukipoza tena hata kidogo yanaanza kutoka matone. Hiyo nyuzijoto ndiyo inaitwa kiwango cha umande. Kitu chochote ambacho ngozi yake ni baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa inayokigusa kitalowa, iwe glasi, kioo cha dirisha, bati au ukuta wa chumbani kwako. Kikiwa na joto zaidi ya hapo hakilowi, hata kama wewe ukikigusa unasikia baridi.

Kwa hiyo Dar hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kiwango cha umande ni kama 25, soda ya nyuzi 5 lazima imwage maji na itaendelea mpaka ipate joto kupita 25. Dodoma mwezi wa kumi mchana nyuzi 31 lakini unyevu asilimia 30, kiwango cha umande ni kama 11 tu, soda ikishapanda hadi 12 mchezo umeisha.

Mi ni fundi wa friji na viyoyozi, hii namba naitumia kila siku kazini na sikuwahi kufikiria kuipeleka chumbani kwa mtu mpaka dada yangu aliponipigia simu mwaka juzi mwezi wa saba. Amepanga Nkuhungu chumba na sebule, wanalala yeye na mumewe na mtoto. Anasema "Kaka, ukuta wangu unalia, kabati limeota kuvu mpaka suti ya shemeji yako imekuwa na madoa." Mama mwenye nyumba alishamleta fundi, fundi akasema ni bati linavuja na ukuta unahitaji rangi ya kuzuia maji, laki moja na themanini.

Sasa we mtu wa Dodoma jiulize, mwezi wa saba bati linavuja nini? Mvua zetu zinaanza huko Novemba au Disemba na zikifika Aprili mwishoni zimeshaaga. Doa linalolowa Juni, Julai, Agosti siyo la mvua. Hicho ndicho kipimo cha kwanza na ni cha bure, angalia kalenda.

Nitaeleza tulivyofanya kwa mpangilio, wewe fuata hivyohivyo kwako.

Kwanza, hakikisha maji yanatoka upande gani

Kata kipande cha nailoni safi ukubwa wa daftari, kausha ukuta kwa kitambaa, bandika nailoni juu yake na selotepu pande zote nne pasiwe na upenyo, acha siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, maji yanatoka kwenye hewa. Yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yako ndani ya tofali, na hapo tatizo ni msingi au bomba na mwongozo huu hautakusaidia sana.

Kuna dalili nyingine ya macho tu. Unyevu unaopanda kutoka msingi unaanzia chini sakafuni na unaishia kama mita moja hivi, lipu inavimba, rangi inababuka na kunatoka unga mweupe wa chumvi (hii sehemu nyingi za Dodoma inajulikana, ardhi yetu ina chumvi). Wa umande hauachi unga. Unaacha kuvu jeusi la vidotidoti, na unapenda kona za juu, pembeni ya dirisha na nyuma ya kabati.

Kwa dada nailoni ililowa upande wa chumba, nyuma ilikuwa kavu kabisa. Fundi wa bati akawa ameshapoteza kesi.

Pili, pima hewa, na pima kwa saa inayofaa

Nunua kageji kale kadogo ka dijitali kanakoonyesha joto na asilimia ya unyevu, hakana gharama kubwa. Shida yake moja, vingi vinadanganya kwa asilimia 5 au zaidi. Kukihakiki ni rahisi: chukua kifuniko cha chupa ya maji, jaza chumvi ya kupikia, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, chumvi isiyeyuke yote. Iweke pamoja na geji ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, usilowanishe geji, acha usiku mzima. Hewa ndani ya hilo kopo inatulia kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi ya kawaida ilivyo. Geji ya dada ilisoma 80, kwa hiyo kila inachosema tunatoa 5.

Saa ya kupima ni alfajiri, kabla mtu hajafungua mlango. Ukipima saa saba mchana utaambiwa chumba chako kizuri sana na utabaki unashangaa kuvu linatoka wapi. Geji weka katikati ya chumba usawa wa kitanda, isiwe karibu na mtu anayepumua, iache nusu saa itulie.

Sisi tulipima saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndani nyuzi 21, geji ikasema 87, tukitoa 5 ni asilimia 82.

Tatu, geuza hizo namba ziwe kiwango cha umande

Hesabu ya mkato inayotosha kwa nyumbani ni hii:

```
Td = T - (100 - RH) / 5
```

Td ni kiwango cha umande, T ni joto la hewa, RH ni ile asilimia. Kwa dada: 100 toa 82 ni 18, gawa kwa 5 ni 3.6, basi 21 toa 3.6 unapata 17.4. Hesabu ndefu ya wataalamu inatoa 17.8, tofauti ni ndogo. Ila angalizo, huu mkato unafanya kazi unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 50. Ukiutumia kwa hewa yetu ya Oktoba mchana, nyuzi 31 na asilimia 30, utakupa 17 wakati ukweli ni 11, ni uongo mkubwa.

Huna geji? Fanya kama nilivyomfanyia shemeji ambaye alikuwa haniamini. Chukua kopo la bati linalong'aa, mfano kopo la nyanya ulilobandua karatasi, tia maji ya kawaida nusu, weka kipimajoto ndani, halafu ongeza barafu kidogo kidogo huku unakoroga. Angalia mng'ao wa kopo kwa nje na usilipulizie pumzi, geuza uso pembeni. Pale mng'ao unapofifia ghafla kama kioo kilichopuliziwa, soma kipimajoto. Acha kuongeza barafu, lipate joto lenyewe taratibu, na mng'ao ukirudi soma tena. Katikati ya namba hizo mbili ndiyo kiwango cha umande. Letu lilififia kwenye 17, likarudi kung'aa kwenye 18 na nusu, katikati unapata kama 17.8. Shemeji akachukua kopo akaligeuzageuza kama anatafuta betri.

Nne, pima ukuta wenyewe

Hapa ndipo watu wanaporuka na ndipo jibu lilipo, maana kujua hewa bila kujua ukuta ni kama kujua bei bila kujua una shilingi ngapi. Ile bunduki ya kupima joto kwa mwanga, kama zile zilizokuwa mlangoni kila mahali wakati wa korona, inafaa, lakini iweke kwenye hali ya kupima vitu na siyo ya kupima mwili, la sivyo itakupa namba ya homa. Pia haisomi vizuri chuma kinachong'aa, bati na fremu za aluminiamu zinaidanganya, bandika kwanza selotepu ya karatasi, subiri dakika chache, pima juu ya hiyo karatasi. Kama huna bunduki, bandika kipimajoto cha kawaida ukutani, kifunike kwa kipande cha sponji ili kisome ukuta na siyo hewa, acha nusu saa.

Chumba cha dada kilisoma hivi: ukuta wa kati unaotenganisha na sebule nyuzi 20 na nusu, ukuta wa nje ulio wazi 18.9, kioo cha dirisha 16, nyuma ya kabati 16.8.

Sasa linganisha na 17.8. Kioo kiko chini, kinatiririka maji, ni kweli kilikuwa kinatiririka mpaka kwenye reli ya aluminiamu. Nyuma ya kabati pako chini, pamelowa. Ukuta wa kati uko juu, mkavu. Hakuna uchawi hapo wala bati.

Lakini ule ukuta wa nje wa 18.9 usiuhesabu kuwa salama. Kuvu halisubiri maji yaonekane, likipata hewa yenye unyevu wa asilimia 80 pale kwenye ngozi ya ukuta kwa siku nyingi mfululizo linaota. Kwa hiyo usitafute ukuta uwe juu kidogo tu ya kiwango cha umande, tafuta uwe juu kwa nyuzi 4 hivi. Kilichouokoa ule ukuta wazi ni kwamba mchana unapata hewa na kukauka, nyuma ya kabati hapakauki saa 24.

Na kwa nini nyuma ya kabati ni baridi kuliko ukuta ulio wazi? Sababu mbili. Kabati lililojaa nguo na kugusana na ukuta linakuwa kama blanketi lakini kwa upande usiofaa, joto la chumba halifiki ukutani, ila mvuke unapenya kila mahali. Ya pili ni ya hapa kwetu: ule ukuta unaangalia kusini. Juni na Julai jua kwetu linapita upande wa kaskazini, ukuta wa kusini hauguswi na jua siku nzima, unakaa kivulini na upepo wa usiku unaupiga. Ukitaka kuweka kabati Dodoma miezi hiyo, ukuta wa kusini ndiyo wa mwisho kuuchagua.

Tano, tafuta mvuke unatoka wapi

Chumba chao ni mita 3 kwa 3 na nusu, kimo mita 2.7, yaani kama mita za ujazo 28. Hewa ya nyuzi 21 inabeba mwisho gramu 18 za maji kwa kila mita ya ujazo. Zidisha, chumba kizima kinaweza kubeba kama nusu lita, ile chupa ndogo ya maji, basi, zaidi ya hapo lazima yatoke.

Mtu mzima aliyelala anatoa kwa pumzi na ngozi kama gramu 40 za maji kwa saa. Watu wazima wawili saa nane ni gramu 640, mtoto weka nusu ya mmoja, 160. Jumla gramu 800, na chupa yetu ni ya nusu lita. Yaani hata wasipofanya kitu kingine chochote, wakijifungia kabisa kuta zitalowa kwa kulala tu. Dada hilo lilimshangaza kuliko yote, "kwa hiyo tunajinyeshea wenyewe?"

Halafu ongeza mengine. Jiko la gesi linatoa maji, wengi hawajui. Gesi ya mtungi ikiungua kila kilo inazaa maji zaidi ya kilo moja na nusu kama mvuke, mtungi wa kilo 6 mpaka uishe umemwaga kama lita 9 hewani, hapo sijahesabu mvuke wa maharage yenyewe yanayochemka masaa mawili bila mfuniko. Na nguo, walikuwa wanaanika chumbani usiku maana kambani zinaibiwa. Ndoo ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono inaachia lita mbili kirahisi.

Na kosa lililofunga kazi: yale matundu ya hewa juu ya dirisha walikuwa wameyaziba na maboksi na magazeti, kwa sababu ya vumbi na upepo wa baridi. Siwalaumu, vumbi la Dodoma linajulikana, unafuta meza asubuhi na mchana unaweza kuandika jina. Ila ukishaziba matundu na una madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanayobana vizuri, umejenga kopo la chakula kama lile nililoweka chumvi.

Sita, matibabu, kwa mpangilio huu

Anza na kupunguza maji yanayoingia hewani, halafu yatoe yaliyobaki, kupasha ukuta joto kuwe mwisho.

Nguo zilihamia sebuleni mchana, dirisha wazi. Sufuria likapewa mfuniko, wakati wa kupika mlango wa chumbani unafungwa na dirisha la sebule linafunguliwa mpaka nusu saa baada ya kupika. Hii peke yake ilishusha kidogo, siyo sana.

Kikubwa ni hewa. Tulitoa maboksi kwenye matundu, tukaweka wavu wa mbu na juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi ambacho kinafuliwa kila wiki (kikishajaa vumbi hakipitishi hewa na umerudi kulekule). Dirisha usiku linaachwa wazi vidole vitatu, na asubuhi wakiamka wanafungua mlango na dirisha kwa pamoja dakika 10 mpaka 15, hewa ipite moja kwa moja.

Hapa dada alibisha. "Nje geji inasema asilimia 80, si naingiza unyevu mwingine?" Swali zuri na wengi wanakwama hapo. Asilimia ni ya hewa yenye joto lile, usilinganishe asilimia ya nje na ya ndani, linganisha gramu au kiwango cha umande. Nje alfajiri ilikuwa nyuzi 13 na asilimia 80, hiyo hewa imebeba gramu 9 tu kwa mita ya ujazo, kiwango chake cha umande ni 9 na kitu. Ndani, nyuzi 21 na asilimia 82, ni gramu 15. Kila mita ya ujazo unayobadilishana inaondoka na gramu 6. Na ile hewa ya nje ikishaingia ikapata joto la nyuzi 20, asilimia yake inashuka yenyewe mpaka 51 hivi. Hewa ya alfajiri ya Julai unaisikia mbichi mwilini, kumbe ni kavu kuliko ya chumbani.

Kwa wale watatu wanaotoa gramu 100 kwa saa, ili chumba kibaki salama inabidi hewa yote ibadilike kama mara mbili kila saa. Matundu mawili ya wazi na vidole vitatu vya dirisha kwa upepo wetu vinafika hapo. Wakati yamezibwa haikuwa ikifika hata mara moja.

Kabati tulilihamishia ukuta wa kati. Kama huna nafasi, lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani na liinue juu ya vipande vya tofali ili hewa ipite chini na kupanda nyuma.

Kuvu lenyewe lifute na kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, halafu dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, vaa barakoa. Usilisugue likiwa kavu na brashi, utalirusha chumba kizima. Na klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa hewa ya sumu.

Ile rangi ya laki na themanini tuliiacha. Rangi haibadilishi kiwango cha umande wala joto la ukuta, na ile inayong'aa inafanya mambo yawe mabaya, maana lipu yenye chokaa inanyonya maji kidogo usiku na kuyaachia mchana, ukiifunika na rangi ya mafuta matone yanatiririka tu. Wazee wetu wa Kigogo na tembe zao za udongo hili halikuwasumbua, ukuta wa udongo unanyonya mvuke kama sponji na lile paa nene la udongo halipoi haraka kama bati.

Kitu kimoja tafadhali, kuna watu wakisikia "pasha ukuta joto" wanaingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Usifanye. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na watu hawaamki. Bora ukuta ulowe.

Kuhusu bati linalodondosha matone

Hili nimeulizwa sana kwa hiyo nilitaje. Usiku wa anga safi bati linatupa joto lake juu angani na linapoa kuliko hewa inayolizunguka, nyuzi kadhaa chini. Ushahidi uko nje: bodaboda iliyolala uwanjani asubuhi kiti kimelowa chepechepe, iliyolala chini ya mwembe ni kavu, mwembe umeikinga na anga. Bati likishuka mpaka nyuzi 9 au 10 na hewa ya chumba ina kiwango cha umande cha 17, upande wa chini wa bati unakuwa kama chupa ya soda na matone yanashuka kwenye kitanda. Dari inasaidia, lakini kama ina matundu ya taa na nyufa pembeni mvuke unapanda hukohuko na unapata yale madoa ya njano kwenye jipsamu ambayo kila mtu anasema ni mvua. Ziba nyufa za dari, na hapo juu kati ya dari na bati acha matundu pembeni chini ya upenu ili hewa ipite. Hewa chumbani ni ya kubadilisha, na kule juu pia.

Matokeo

Wiki mbili baadaye nilirudi kupima saa ileile. Hewa nyuzi 20, geji baada ya kutoa 5 inasema 63. Mkato: 100 toa 63 ni 37, gawa kwa 5 ni 7.4, kiwango cha umande 12.6. Ukuta wa kusini pale lilipokuwa kabati 17.4. Tumepata nafasi ya nyuzi karibu 5. Chumba kimepoa nyuzi moja, wameongeza blanketi.

Nikapima tena Januari katikati ya mvua, maana watu wanadhani masika ndiyo balaa. Hewa 24, asilimia 78, kiwango cha umande kama 19.6, yaani hewa ina maji mengi kuliko Julai. Lakini ukuta wa kusini ulikuwa 23.6, kwa sababu Januari jua limehamia kusini na linaupiga. Mkavu kabisa. Ukiwa na sakafu ya vigae iliyopoa baada ya siku za mvua halafu hewa ya moto yenye unyevu ikaingia, vigae vinaweza kutoka jasho, siku hiyo ndiyo unafunga dirisha mpaka sakafu ipate joto. Kwa dada haikutokea.

Kilichotokea ni kwamba kwenye ukuta wa kaskazini, chini karibu na sakafu, lipu imeanza kuvimba na kutoa unga mweupe. Tumebandika nailoni, siku ya pili maji yakawa nyuma yake. Hiyo siyo ya kufungua dirisha, hiyo ni ya msingi, na sasa ndiyo zamu ya mama mwenye nyumba kumuita fundi.